Sayari Ndogo Kutoka Picha Pana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filta ya Polari na Mshono

Majibu haya yanahusu kugeuza picha pana kuwa sayari ndogo, yaani picha ya duara ambamo ardhi iko katikati na anga linaizunguka, kwa programu ya kuhariri picha ya GIMP, ambayo ni ya bure, na yanafuata mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mfano wenyewe ni picha pana ya ufukwe wa Paje, mashariki mwa Unguja, iliyopigwa kwa simu maji yakiwa yamekupwa. Upande mmoja ni minazi na nyumba, upande wa pili ni mchanga tambarare, maji membamba na anga. Ina upana wa pikseli 12,800 na urefu wa pikseli 2,430, na ncha zake zote mbili ziko upande wa bahari. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Filta ya koordineti za polari inafanya nini hasa kwa picha pana?

Inachukua picha ya mstatili na kuizungusha kuwa duara. Kila safu ya mlalo ya pikseli inakuwa mviringo: safu ya chini kabisa inasinyaa na kuwa nukta ya katikati, safu ya upeo wa macho inakuwa ukingo wa sayari, na safu ya juu kabisa inakuwa mviringo wa nje, yaani anga. Ukingo wa kushoto wa picha na ukingo wa kulia vinaletwa pamoja mithili ya pindo mbili za kanga inayozungushwa kiunoni, na pale vinapokutana ndipo mshono unapotokea.

Mambo mawili yanafuata kutokana na hilo. La kwanza ni kwamba filta haijui lolote kuhusu nyuzi za dira. Haijali kama picha yako inazunguka nyuzi 360 kamili au 200 tu, bali inachukua upana wowote uliopo na kuujaza kwenye duara zima. La pili ni kwamba vitu vilivyo chini ya upeo wa macho vinabanwa kwa upana kadiri vinavyokaribia katikati, wakati vilivyo juu, karibu na ukingo wa nje, vinatanuliwa. Kasoro nyingi zinazolalamikiwa katika sayari hizi zina asili yake hapo.

Je, ni lazima picha iwe ya nyuzi 360?

Si lazima. Simu nyingi katika hali ya panorama husimama kabla ya kukamilisha mzunguko, na picha ya namna hiyo bado inatoa sayari nzuri kwa sharti moja: ncha zake mbili ziwe na vitu vinavyofanana na visivyo na umbo gumu, kama vile mchanga, nyasi, maji au anga tupu. Ndiyo maana mpigaji wa picha yetu ya Paje alianza akielekea baharini na kumaliza akielekea baharini. Kama angeanza katikati ya nyumba na kumaliza katikati ya mnazi, hakuna ufundi wa mshono ambao ungemaliza tatizo bila kufuta nusu ya nyumba.

Wakati wa kupiga, fungia mwanga kwa kubonyeza na kushikilia kidole kwenye skrini ikiwa simu yako inaruhusu. Simu ikiachwa ijipangie mwanga yenyewe, anga la upande wa jua litatoka jeupe na la upande wa pili litatoka la buluu nzito, na tofauti hiyo itakusumbua kuliko jambo jingine lolote. Pia usipige mawimbi yakiwa karibu nawe, kwa sababu wimbi lililopo mwanzoni halitakuwepo mwishoni.

Nianze na lipi, filta au mshono?

Mshono. Ukishakuwa na sayari, mshono unakuwa mstari unaopanuka kutoka katikati kwenda nje, huku mchanga ukiwa umepinda upande mmoja na anga upande mwingine, na kila brashi unayotumia inabidi ifuate mpindo huo. Kwenye mstatili mshono ni mstari wima ulionyooka, na kazi inakuwa nyepesi zaidi. Kinachobaki baada ya filta kinapaswa kuwa uzi mwembamba tu, ambao tutauzungumzia mbele.

Nitajuaje mshono wangu una tatizo gani?

Tumia `Layer > Transform > Offset`. Andika nusu ya upana wa picha kwenye X, acha Y iwe sifuri, kisha chagua `Wrap around`. Picha itasukumwa pembeni, na kipande kinachotoka upande mmoja kitaingia upande wa pili, kwa hiyo ncha mbili zilizokuwa mbalimbali zitakutana katikati ya skrini.

Sasa tazama mara mbili. Kwanza tazama kwa ukubwa wa asilimia 100, uone kama upeo wa macho unaruka kama ngazi au kama kuna mstari mkali unaokata mchanga. Kisha punguza picha hadi iwe ndogo kama kadi ya posta. Tofauti ya mwanga haionekani kwa karibu, kwa kuwa macho yanaona rangi mbili za buluu zinazokaribiana. Picha ikiwa ndogo ndipo nusu mbili za anga zinapojitenga waziwazi. Watu wengi hukosea hapa kwa kukagua kwa karibu tu, na sayari ikishakamilika wanashangaa kuona anga lina kona.

Katika mfano wetu kulikuwa na kasoro zote tatu: upeo wa macho wa upande wa kulia ulikuwa chini kwa pikseli 18 kuliko wa kushoto, anga la kushoto lilikuwa limefifia kidogo, na mchanga ulikatika kwa mstari. Ukishakagua, tengua hatua ya `Offset` kwa `Ctrl+Z` kabla ya kuanza kurekebisha.

Upeo wa macho haulingani kwenye ncha mbili. Naurekebishaje?

Tumia zana ya `Shear`. Andika tofauti ya pikseli kwenye sehemu ya Y, yaani 18 katika mfano huu, na uache X iwe sifuri. Zana hii inashusha upande mmoja wa picha na kupandisha mwingine kidogo kidogo bila kuinamisha minazi. Ikiwa tofauti imeongezeka badala ya kupungua, tengua na uandike -18. Baada ya hapo utaona vipande vyembamba vya pembetatu vilivyo tupu juu na chini. Vikate kwa zana ya `Crop`. Picha yetu ilibaki na urefu wa pikseli 2,400, na upana wake ukabaki 12,800.

Njia hii inatosha kwa upeo ulionyooka lakini ulioinama. Ikiwa upeo unapanda na kushuka kama wimbi kwa sababu mikono ilikuwa inainuka na kushuka wakati wa kupiga, ncha zinaweza kulingana kabisa na bado sayari ikatoka na umbo la yai. Kasoro hiyo haimo kwenye mshono, na ni afadhali kupiga picha upya kuliko kuhangaika nayo.

Ni njia gani bora ya kuunganisha ncha mbili?

Kuna njia ya kunakili kwa brashi na kuna njia ya kufifisha kipande kimoja juu ya kingine. Kwa maoni yangu, njia ya pili inapaswa kutangulia daima, na brashi ibaki kwa ajili ya masalia tu. Mantiki yake ni hii: badala ya kuficha mstari, unahamisha kipande cha mwisho wa picha na kukilaza juu ya mwanzo wake, kisha unakifanya kififie taratibu. Ukikata picha pale kipande kilipotolewa, ukingo mpya wa kulia na ukingo mpya wa kushoto vinakuwa pikseli zilizokuwa jirani tangu mwanzo, na kwa hiyo lazima zikubaliane.

Katika mfano wetu hatua zilikuwa hivi. Chagua kwa `Rectangle Select` kipande cha mwisho upande wa kulia chenye upana wa pikseli 800 na urefu wote wa picha, yaani kuanzia X 12,000 hadi 12,800. Kinakili, kibandike kama leya mpya, yaani tabaka linalolala juu ya picha, kisha kisogeze hadi ukingo wake wa kushoto uguse ukingo wa kushoto wa picha. Ukiwasha `View > Snap to Canvas Edges`, leya itanata yenyewe mahali pake. Ongeza maski, yaani kifuniko ambacho nyeupe yake huonyesha leya na nyeusi yake huificha, kwenye leya hiyo kwa `Layer > Mask > Add Layer Mask` na uchague nyeupe. Weka nyeupe kuwa rangi ya mbele na nyeusi kuwa rangi ya nyuma, chukua zana ya `Gradient`, uhakikishe unachora kwenye maski wala si kwenye picha, kisha vuta mstari mlalo kutoka ukingo wa kushoto wa kipande hadi ukingo wake wa kulia. Shikilia `Ctrl` unapovuta ili mstari usipinde.

Matokeo yake ni kwamba kwenye X sifuri kipande kinaonekana chote, na kwenye X 800 kimetoweka kabisa na picha ya asili imechukua nafasi. Sasa fungua `Image > Canvas Size`, weka upana uwe 12,000 baada ya kukata mnyororo unaofunga upana na urefu, hakikisha X ya mahali pa picha ni sifuri, kisha maliza kwa `Image > Flatten Image`. Ukirudia `Offset` kwa pikseli 6,000 hutaona mstari wowote katikati. Eneo la kukagua ni lile la pikseli 800 zilizo kulia kwa mstari wa katikati, kwa sababu ndimo vitu vya pande mbili vimechanganyika.

Katika eneo hilo unaweza kuona vivuli: ngalawa inayoonekana nusu, au mtu anayepita ambaye amebaki kama moshi. Hapo ndipo zana za `Clone` na `Heal` zinapofaa. Zitumie picha ikiwa bado imesukumwa kwa `Offset`, kwa kuwa zana hizo hazivuki ukingo wa picha. `Heal` hufanya vizuri katikati ya mchanga au anga, lakini karibu na mstari wa upeo wa macho huchafua rangi kwa kuchanganya bahari na anga. Mahali hapo tumia `Clone` yenye brashi ndogo.

Kwa nini nisitumie `Tile Seamless`, ambayo inaondoa mshono kwa kubonyeza mara moja?

Kwa sababu inachanganya picha nzima, si ncha peke yake. Utapata minazi pacha ya kimzimu angani. Filta hiyo ilikusudiwa vitambaa, mawe na maumbo yanayojirudia.

Mshono umepotea lakini anga bado lina upande mweusi na upande mweupe. Nifanye nini?

Kipande cha pikseli 800 ni chembamba mno kwa tofauti kubwa ya mwanga. Kinabadilisha ukuta kuwa mteremko mkali, na jicho bado linauona. Mwanga unahitaji nafasi pana zaidi kuliko mchanga.

Rudi kwenye picha kabla ya kufifisha ncha. Nakili leya nzima, na kwenye nakala hiyo tumia `Colors > Curves` mpaka anga la ncha iliyofifia lilingane na anga la ncha ya pili. Usijali kwamba sehemu nyingine za picha zimeharibika kwa muda. Kisha weka maski na uvute gradienti kutoka kwenye ncha hiyo hadi theluthi moja ya upana wa picha, yaani kama pikseli 4,000 katika mfano huu. Badiliko likitawanyika kwa umbali huo, mtazamaji ataliona kuwa ni anga la kawaida ambalo jua limeegemea upande mmoja. Baada ya hapo unganisha leya hizo kwa `Image > Flatten Image`, kisha fuata hatua ya kufifisha kipande kama ilivyoelezwa.

Kwa nini minazi na majengo yangu yanatoka marefu na membamba kama sindano?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu jibu linaloenea ni kuongeza anga, na hilo halisaidii.

Fikiria upeo wa macho baada ya filta. Umekuwa mviringo ambao nusu kipenyo chake ni urefu wa ardhi iliyo chini ya upeo huo katika picha. Katika picha yetu ardhi hiyo ilikuwa na urefu wa pikseli 1,100. Mzingo wa mviringo wenye nusu kipenyo cha 1,100 ni takriban pikseli 6,900, lakini picha ina upana wa 12,000. Maana yake ni kwamba pikseli 12,000 zimebanwa kuingia katika nafasi ya 6,900, huku urefu wa minazi ukibaki vilevile. Minazi imebanwa kwa upana karibu nusu, na ndiyo maana imekuwa sindano.

Dawa ni kuongeza ardhi, na kanuni yake ni nyepesi:

```
urefu wa ardhi = upana wa picha / 6.28
```

Kwa upana wa 12,000 tunapata kama pikseli 1,900, kwa hiyo picha ya Paje ilihitaji pikseli 800 zaidi za mchanga upande wa chini. Anga halimo katika hesabu hii kabisa. Kuongeza anga kunapanua tu nafasi inayoizunguka sayari, wakati kuongeza ardhi kunakuza sayari yenyewe na kuwarudishia wanaosimama juu yake umbo lao. Ikiwa unapenda minazi mirefu kwa makusudi, ongeza pungufu ya hapo. Wapo wanaopendelea mwonekano huo, nami sioni ubaya wake kwenye miti, lakini kwenye nyuso za watu hauvutii.

Hiyo ardhi ya ziada naitoa wapi?

Fungua `Image > Canvas Size`, ongeza urefu kutoka 2,400 hadi 3,200, na uache picha ibaki juu ili nafasi tupu iwe chini. Kisha chagua mchanga wa chini wenye urefu wa pikseli 800, unakili, ubandike kama leya mpya, ugeuze juu chini kwa `Layer > Transform > Flip Vertically`, na uuweke kwenye nafasi tupu, kisha unganisha leya hizo mbili kwa `Image > Merge Visible Layers`. Kwa kuwa umegeuzwa, safu yake ya juu inafanana na safu ya mwisho ya picha, na hakuna mstari utakaoonekana. Kwa kuwa umechukua upana wote, mshono wa pembeni uliokwisha kuurekebisha unaendelea kuwa sawa hata katika sehemu mpya.

Nyayo za miguu zilizojirudia kama kwenye kioo hazina madhara makubwa, kwa sababu sehemu hiyo itakuwa katikati ya sayari na tutaifunika baadaye. Kivuli cha mpiga picha, hata hivyo, kiondoe sasa kabla hujageuza mchanga, la sivyo utakuwa na vivuli viwili.

Baada ya hapo, filta yenyewe naitumiaje?

Kwanza fanya picha iwe mraba. Fungua `Image > Scale Image`, kata mnyororo, na uweke upana na urefu sawa. Picha itaonekana imesongwa vibaya sana, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiruka hatua hii, hutapata mduara kamili unaojaa picha.

Kisha fungua `Filters > Distorts > Polar Coordinates`. Acha `Circle depth in percent` iwe 100, acha `To polar` ikiwa imewekewa alama, na uondoe alama kwenye `Map from top`. Alama hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua kama ardhi itakuwa katikati au nje. Ukiiacha, anga litakuwa katikati na ufukwe utazunguka nje kama kwamba unatazama juu kutoka ndani ya kisima. Baadhi ya maelezo hukuagiza uzungushe picha nyuzi 180 kabla ya filta. Hayo yalikusudiwa Photoshop, ambayo filta yake huweka safu ya juu katikati na haina chaguo hilo. Katika GIMP fanya moja kati ya hayo mawili, si yote mawili.

Kama kipande fulani unakitaka juu kabisa ya sayari, kwa mfano mnazi mkubwa zaidi, tumia `Offset angle` hadi kifike mahali pake.

Mraba uwe na ukubwa gani?

Uwe mara mbili ya ukubwa unaoutaka mwishoni. Kuifanya picha iwe mraba kunapunguza upana wake kwa ghafla, na filta inatanua tena ule upana uliopunguzwa kuzunguka duara, kwa hiyo ukichagua mraba mdogo utapata sayari yenye ukungu. Katika mfano wetu mraba ulikuwa wa pikseli 6,400 kwa 6,400, na baada ya filta ukapunguzwa kuwa 3,200. Kwenye mraba wa mwisho, mzingo wa upeo wa macho ni pikseli 6,000 hivi, na upana ulioingizwa humo ni 6,400. Hakuna kilichopotea kinachoonekana. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inaweza kulemewa na mraba mkubwa kuliko huo, na kwa picha za kutazamwa kwenye simu hakuna sababu ya kuvuka hapo.

Nimerekebisha mshono vizuri, lakini baada ya filta kuna uzi mwembamba kutoka katikati hadi nje. Umetoka wapi?

Huo si mshono wa picha bali ni wa hesabu. Filta inapokadiria rangi ya pikseli mpya, huangalia pikseli jirani. Inapofika kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia haijui kwamba jirani yuko ncha ya pili, kwa hiyo inachanganya rangi na utupu, na unabaki uzi uliofifia wenye upana wa pikseli moja au mbili.

Ukiwa juu ya mchanga na anga pekee, pita juu yake kwa `Heal` yenye brashi ndogo. Kuna njia safi zaidi ambayo haihitaji kuchora chochote. Kabla ya filta, nakili leya ya mraba. Leya ya chini isukume kwa `Offset` nusu ya upana, yaani 3,200, ukiwa na `Wrap around`. Tumia filta kwenye leya ya juu kama kawaida, kisha kwenye leya ya chini kwa mipangilio ileile, isipokuwa `Offset angle` iongezwe 180. Sasa una sayari mbili zinazofanana zilizolaliana, na uzi wa kila moja uko upande wa pili wa mwenzake. Weka maski nyeupe kwenye leya ya juu na upake nyeusi juu ya uzi wake. Sayari ya chini, ambayo haina uzi mahali hapo, itaonekana kupitia ufa huo. Kama vitu vimesogea kwa pikseli moja, tumia brashi yenye ukingo laini na hutatambua.

Iwapo badala ya uzi unaona ukanda mpana au ngazi kwenye upeo wa macho, njia hii haitasaidia. Hapo tatizo liko kwenye mstatili na inabidi urudi huko.

Mshono umerudi baada ya kuwa nimeshauondoa. Imewezekanaje?

Kwa kawaida ni kwa sababu kuna badiliko lililofanywa baadaye ambalo halikutendea ncha mbili kwa usawa. Kukata hata pikseli chache upande mmoja kunatosha. Ukungu wa `Gaussian Blur` unaokwenda kwa mlalo huharibu ncha, kwa kuwa nao haujui kwamba ncha hizo ni jirani. Kuongeza giza kwenye pembe za picha hakudhuru mshono, kwa sababu ncha zote mbili hutiwa giza sawasawa, lakini katika sayari giza hilo huwa ukanda mweusi unaokata upande mmoja, na mtu hudhani ni mshono. Madoido kama hayo yaache hadi sayari ikamilike. Marekebisho yanayogusa picha nzima kwa kiasi kimoja, kama rangi na mwanga wa jumla, yanaweza kufanywa wakati wowote.

Katikati ya sayari kuna mistari kama miale ya jua. Naiondoaje?

Safu za chini zimesinyazwa kuwa nukta, na kila chembe ya mchanga iliyokuwa hapo imekuwa mstari. Hakuna mpangilio wa filta unaozuia jambo hilo. Baada ya filta, chukua `Clone` yenye brashi kubwa na laini, chota mchanga kutoka katikati ya njia baina ya nukta na upeo wa macho, ambako umbo lake bado ni la kawaida, na uulaze juu ya miale. Chota kutoka pande mbalimbali, kwa sababu mwanga wa mchanga hautofautiani tu kati ya ndani na nje bali pia kati ya upande wa jua na upande wa kivuli.

Pembe nne za picha zimebaki tupu. Je, nizikate?

Unaweza kukata mraba unaoingia ndani ya duara, lakini upande wake utakuwa asilimia 70 tu ya kipenyo, na katika mfano wetu vilele vya minazi iliyoelekea juu na pembeni vingekatwa. Ni afadhali kuzijaza. Kabla ya filta, chagua rangi moja ya anga la juu, kisha vuta gradienti ya `FG to Transparent` wima kutoka safu ya juu kabisa kushuka kama pikseli 300 kwenye picha yenye urefu wa 3,200. Kwa kuwa imevutwa wima, ncha zote mbili zinapokea rangi ileile na mshono haurudi. Baada ya filta mviringo wa nje wote utakuwa na rangi moja, na leya iliyojazwa rangi hiyohiyo ikiwekwa chini itafunika pembe bila mpaka kuonekana.

Njia hii inahitaji anga liwe na nafasi juu ya minazi. Ikiwa kilele cha mti kinagusa ukingo wa juu wa picha, ongeza anga kwa `Canvas Size` kwanza.

Je, kuna njia nyingine isiyo ya polari?

Ipo. Kama una picha ya duara kamili ya nyuzi 360 kwa 180, yenye uwiano wa upana na urefu wa 2 kwa 1, programu ya bure ya Hugin inaweza kuigeuza kwa makadirio ya `Stereographic`, mtazamo ukielekezwa moja kwa moja chini. Makadirio hayo hulinda pembe, hivyo dirisha la mraba hubaki karibu na mraba popote lilipo, na kwa kuwa Hugin inajua kwamba nyuzi sifuri na 360 ni mahali pamoja, ule uzi wa hesabu hautokei.

Lakini inadai picha iliyofunika hadi miguuni na hadi utosini, na picha ya panorama ya simu haifiki huko. Kwa picha kama ya Paje, ambayo inaonyesha ukanda tu wa katikati, filta ya polari pamoja na ardhi ya kuongezwa ndiyo inayofaa.

Nihifadhi nini?

Hifadhi mstatili uliorekebishwa mshono katika muundo wa XCF, ambao ni wa GIMP yenyewe, kabla ya kuufanya mraba. Kuondoa alama kwenye `To polar` hugeuza sayari kuwa mstatili tena, lakini sehemu ya katikati iliyosinyaa hairudi, kwa hiyo usiitegemee kama njia ya kurudi nyuma. Ukiwa na mstatili huo unaweza kutengeneza sayari, kisima, au sayari yenye ardhi pana zaidi bila kugusa mshono tena.